Neno moja: mvua

Ujumbe uliingia jioni, karibu saa moja na nusu, mwishoni mwa Novemba. Namba ilikuwa ngeni na picha ya mwenye simu ilikuwa ya ng'ombe. Haukuwa na salamu wala jina, wala kijiji. Uliandikwa hivi tu: *mvua*.

Wakati huo nilikuwa mmoja wa mabwana shamba watatu tuliokuwa tukijibu maswali ya wakulima kwa Wasapu, kutoka chumba kimoja Dodoma mjini. Namba yetu ilitangazwa kwenye mikutano ya vijiji na kubandikwa kwenye milango ya maduka ya pembejeo. Maswali mengi yalikuja na picha za majani yenye madoa, au sauti ndefu za watu waliokuwa wakitembea huku wanaongea. Neno moja peke yake sikuwahi kulipata.

Nilidhani nimelielewa. Mwezi mmoja nyuma Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetoa utabiri wa msimu, na kwa sisi wa Dodoma msimu ni mmoja tu, kuanzia Novemba hadi Aprili. Kwa hiyo nikamwandikia maelezo marefu: mvua zinatarajiwa kuanza lini, maana ya wastani na chini ya wastani, na kwamba vipindi vya ukame katikati ya msimu ni jambo la kutarajia. Niliona alama kwamba umesomwa. Hakujibu.

Usiku ule sikutulia. Neno "mvua" mdomoni mwa mkulima lina maswali mengi. Anaweza kuwa anauliza itanyesha lini, au anataarifu kwamba imenyesha. Huenda imezidi na imechukua matuta, au imekuja na mawe. Huenda imekatika. Mimi nilichagua swali moja kati ya hayo, lile ambalo jibu lake tayari nilikuwa nalo mezani, nikamtumia. Asubuhi nikapiga simu.

Alipokea mtoto wa kiume. "Bibi yuko shambani," akasema, kisha nikamsikia anakimbia. Baada ya muda ikaja sauti ya mwanamke mzima, anahema kidogo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe wa kwenye simu?"

Nikamwambia ndiye mimi, na nikamwomba radhi kwamba jana nilimwandikia mengi bila kumuuliza. Akasema maneno yale mjukuu alimsomea yote, yalikuwa mazuri, ila hakuona mahali pa kushika. Alikuwa wa kijiji kimoja wilaya ya Kongwa. Kusoma na kuandika alijifunza utu uzimani, kwenye madarasa ya elimu ya watu wazima ya miaka ya 1970, jioni, chini ya mti, na tangu hapo alikuwa akiandika jina lake tu. Simu ililetwa na mwanawe. Jana yake alimkataza mjukuu asimsaidie, akaitafuta herufi moja baada ya nyingine kwa kidole.

Nikamuuliza kwa nini hakuendelea, alikuwa anataka kuniambia nini zaidi. Jibu lake ninalikumbuka neno kwa neno.

"Mwanangu, ukienda zahanati unasema 'tumbo'. Mganga ndiye anayeuliza."

Basi nikaanza kuuliza. Mvua ilinyesha? Ndiyo, juzi alfajiri, ya kwanza ya maana. Ilichukua muda gani? Tangu jogoo wa kwanza hadi kulipopambazuka. Palikuwa na chombo chochote uani usiku ule? Palikuwa na sufuria, na maji yaliifika pingili ya kwanza ya kidole.

Hapo nilifurahi. Sufuria ina kuta zilizonyooka, kwa hiyo kina cha maji ndani yake ni sawa na kina cha mvua iliyoanguka. Beseni haifai, kwa sababu mdomo wake ni mpana kuliko kitako na maji huonekana mengi kuliko yalivyo. Pingili ya kwanza ni kama milimita 25. Sisi tulikuwa tunatumia kipimo cha milimita 20 ndani ya siku moja hadi tatu kuwa ndiyo mvua ya kupandia, mradi isifuatiwe na ukame wa zaidi ya siku saba au kumi. Sehemu ya kwanza inapimika. Ya pili hakuna anayeijua siku ya kupanda, na hapo ndipo mbegu nyingi za Dodoma hupotelea.

Nilikuwa karibu kumwambia apande. Lakini mwalimu mmoja wakati wa mafunzo alituzoeza kwamba chombo kikishasema, uulize na udongo. Nikamwomba achukue jembe, achimbe shimo katikati ya shamba, ukuta mmoja uwe wima, kisha aweke vidole ubavuni mwa shimo na kuniambia ubichi unashuka hadi wapi.

Alikaa kimya kwa dakika kadhaa. Nilisikia jembe.

"Vidole vinne," akasema. "Chini yake vumbi."

Vidole vinne ni kama sentimita saba au nane. Kwenye udongo mwekundu wa kichanga kama wake, milimita 25 zingeshuka hadi kukaribia shibiri, yaani kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole kidogo, kiganja kikitanuliwa. Hapa palikuwa na theluthi tu. Ama mvua ilikimbia juu ya ardhi, ama sufuria ilidanganya. Udongo wa Kongwa una tabia ya kufunga juu; Waingereza waliokuja na matrekta ya mradi wa karanga mwaka 1947 waliikuta ardhi hiyo ikikauka hadi kuwa kama saruji, na kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa. Kwa hiyo nikafikiria kwanza maji kukimbia. Nikamuuliza kama ameona mifereji mipya shambani. Hakuna.

"Bibi, hiyo sufuria ilikuwa imekaa wapi?"

"Upenuni."

Upenuni, chini ya bati. Matone ya paa yalikuwa yakiingia humo pia. Mvua yenyewe huenda haikufika milimita kumi.

Nikamwambia basi asipande mahindi, asubiri. Akanyamaza tena, safari hii bila sauti ya jembe.

"Nimeshapanda," akasema.

Hapo ndipo nilipolijua swali lake. Juzi hiyohiyo asubuhi, mvua ilipokatika tu, alikuwa amepanda pakiti moja ya kilo mbili kwenye robo eka. Jirani walipanda, naye akaona asiachwe. Jana yake jioni alipopita akaona juu pameanza kukauka, na akachukua simu. Hakutaka kujua kama apande. Alitaka kujua kama alichopanda kitaishi, na aliona aibu kukisema.

Ninaeleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu watu wengi hudhani mbegu hufa kwa kukosa maji. Mbegu kavu kwenye udongo mkavu inaweza kusubiri. Ndiyo maana wazee wa Ugogo hutia uwele na mtama ardhini kabla mvua haijaanza, na panya na mchwa wasipowahi, mbegu hukaa. Hatari iko kwenye mvua ya nusu. Hindi likishanyonya maji kiasi cha theluthi ya uzito wake, linavimba na kutoa kimzizi, na likishatoa kimzizi halina njia ya kurudi usingizini. Bibi alikuwa amefukia mbegu vidole vitatu chini. Jua lilikuwa linakausha kutoka juu, na chini ya kidole cha nne palikuwa vumbi. Mbegu zake zilikuwa ndani ya utepe mwembamba wa ubichi unaopungua.

Nikamwomba yeye na mjukuu wafukue mashimo kumi, mahali tofauti tofauti, waangalie mbegu na kuzirudishia. Kwa siku mbili za joto lile si ajabu mbegu kuanza. Wakanipigia baada ya nusu saa. Kumi zote zilikuwa zimevimba. Sita ganda lilikuwa limeanza kupasuka na ncha nyeupe inachungulia.

Sikuwa na dawa. Robo eka haimwagiliwi kwa ndoo mahali ambapo maji ya kunywa yanafuatwa kisimani. Nilimuuliza kuhusu kutandaza mabua juu ya mistari yapunguze jua, akasema ng'ombe waliyamaliza tangu Septemba. Taarifa ya siku kumi niliyokuwa nayo haikuonyesha mvua ya maana upande wao. Nilimwambia hivyo bila kuficha. Kitu pekee kilichobaki mikononi mwetu kilikuwa pakiti ya pili. Nikamsihi asiifungue, hata jirani wakirudia, mpaka achimbe shimo na kukuta ubichi wa shibiri nzima.

"Shibiri yangu au yako?" akauliza.

"Yako, bibi."

Siku zikapita kavu. Kila asubuhi niliangalia mawingu upande wa mashariki, jambo ambalo sikuwahi kulifanya kwa ajili ya shamba la mtu mmoja. Siku ya saba nilimpigia. Baadhi ya mahindi yalikuwa yametokeza jani moja na yalikuwa yameanza kujikunja, mengine hayakutoka. Jirani wawili walikuwa wamerudia kupanda kwenye udongo uleule mkavu kwa juu na nusu-mbichi kwa chini, baada ya manyunyu ya usiku mmoja. Yeye hakurudia. Alisema pakiti ameiweka ndani ya chungu na kuifunika, asiione.

Siku ya kumi na moja, saa kumi na mbili asubuhi, simu ikaita mlio wa ujumbe. Ilikuwa ile picha ya ng'ombe. Safari hii yalikuwa maneno mawili:

*mvua shibiri*

Nilikaa kitandani nikayasoma. Kisha nikampigia, tukahesabu pamoja. Alitembea kwenye mstari mmoja, akapita mashimo thelathini, akakuta miche hai tisa. Mahindi ya upande wa juu tukayaacha yaende. Pale alitia mtama wake mfupi, kwa sababu msimu ulikuwa umeshakula wiki mbili na mtama huvumilia ukame wa Februari kuliko mahindi. Pakiti ya kwenye chungu ikaenda bondeni, karibu na mbuga, ambako aliposhusha jembe ubichi ulivuka shibiri na kuendelea.

Mwaka uliofuata alianza kuniandikia tangu Novemba. Hakuongeza salamu, na mimi nilikoma kuzisubiri. *mvua vidole vitatu.* *mvua vidole vitano.* Kila mara nilijibu neno moja, kwa herufi kubwa ili mjukuu asihitajike: SUBIRI. Mpaka asubuhi moja ya Desemba likaja lile tulilokuwa tunalingoja wote wawili, nami nikamjibu PANDA.