Namna nilivyoigawa zawadi ya bahati nasibu kabla ya kuigusa

Mwaka 2024 namba zangu za bahati nasibu zilitoka, na zawadi ilikuwa shilingi milioni tatu. Mtu wa kwanza kunishauri, mwenzangu wa kazini hapa Changamwe, Mombasa, aliniambia niende kuzichukua siku hiyo hiyo, mengine nitayapanga pesa zikiwa mkononi. Ushauri huo unaniudhi hadi leo, kwa sababu yaliyonifaa yote niliyafanya katika siku nane nilizokaa bila kudai zawadi, baada ya kusoma masharti na kuhakikisha kwamba muda wa kudai ulikuwa bado mrefu.

Kosa langu nililifanya kabla ya siku hizo nane kuanza. Jioni ile ya kwanza nilivuka kwenda Kisauni nikamweleza kaka yangu mkubwa, naye akampigia mama simu kule Kaloleni, na kabla ya saa nne usiku ndugu wote walikuwa na habari. Nilikaa kwenye mkeka barazani kwa kaka nikipokea simu moja baada ya nyingine, na kila aliyeomba nilimwitikia. Paa la nyumba ya mama, 350,000. Tuktuk ya kaka, 400,000. Duka la mjomba, 300,000. Karo ya mpwa wangu, 120,000. Harusi ya dada, 140,000. Wakati huo sikujumlisha chochote, kwani kichwani mwangu milioni tatu hazikuwa na mwisho.

Usiku huo nilishindwa kulala, nikachukua daftari la mtoto na kujumlisha. Nilikuwa nimeahidi shilingi 1,310,000. Asubuhi yake nikamwendea jirani yetu mmoja aliyewahi kufanya kazi ya uhasibu bandarini, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Umeshatoa kodi?" Kwa sheria ya wakati ule, mlipaji alikuwa akikata asilimia 20 ya ushindi na kuipeleka kwa Mamlaka ya Mapato kabla mshindi hajapokea kitu. Kwa hiyo takriban 600,000 hazikuwa zangu tangu mwanzo, na nilichokuwa nacho kwa hakika ni milioni mbili na laki nne.

Kisha akaniuliza nilitaka kufanya nini na pesa hizo. Nilikuwa na deni la chama cha akiba na mikopo, 180,000, na nilikuwa nimeiona ploti Utange kwa 1,300,000. Akaniongezea mambo ambayo sikuwa nimeyafikiria: ushuru wa stempu, ambao kwa ardhi ya mjini ni asilimia 4 ya thamani, yaani 52,000 kwa ploti ile, na wakili pamoja na gharama za kukagua hati, ambazo tuliziwekea kama 40,000. Deni na ploti vikafika 1,572,000. Nilipojumlisha na ahadi zangu za barazani ikawa 2,882,000, na pesa halisi ni 2,400,000. Nilipungukiwa na 482,000 kabla sijapokea hata shilingi moja. Lau ningefuata ule ushauri wa kukimbilia pesa, ningelipa tuktuk na harusi kwanza, kisha ningelikuta pengo hilo mbele ya wakili, amana ya ploti ikiwa tayari imeshalipwa.

Ndipo tukaamua kwamba fungu la ndugu liwe na kipimo chake, asilimia 10 ya pesa zilizobaki baada ya kodi, yaani 240,000, na lisiongezeke kwa sababu ya simu yoyote. Tuliweka 500,000 kwenye hesabu ya amana ya muda maalumu, na 88,000 za matumizi ya nyumbani. Hayo yote yalikuwa kwenye ukurasa mmoja wa daftari, nami nilitembea nao mfukoni.

Sehemu ngumu ilikuwa kurudi kwa niliowaahidi. Sikutaka kuwaambia kwa simu. Jumapili nilikwenda Kaloleni pamoja na kaka, nikaufungua ule ukurasa mbele ya mama, nikasoma kodi kwanza, kisha deni, kisha ploti, kisha fungu lao. Mama alikaa kimya, akaweka kidole chake juu ya tarakimu za kodi, akauliza, "Na hizi serikali ilishazichukua?" Nikamwambia, "Zinakatwa kabla sijazigusa, mama." Akasema paa lingeweza kusubiri, na kwa sasa mabati mapya yawekwe upande unaovuja tu. Kaka alinuna wiki mbili, nami sikumlaumu, kwa kuwa ni mimi niliyemtamkia tuktuk. Karo ya mpwa niliilipa moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo, kwa kufuata hati ya malipo niliyoomba aniletee. Tangu hapo kila ombi jipya niliomba hati yake, iwe ya shule au ya hospitali, nikaliandika daftarini na kulijibu Jumamosi. Maombi mengi ya dharura hayakufika Jumamosi, na yale ya kweli yalifika na karatasi zake.

Katika siku hizo pia nilikwenda benki kabla ya kudai, jambo ambalo ninajivunia. Zawadi ya namna hii haiingii kwenye M-Pesa, kwani akaunti haiwezi kubeba zaidi ya shilingi 500,000, na hundi moja inayozidi milioni moja haipitishwi baina ya benki. Kwa hiyo pesa hutumwa benki kwa benki, na benki huuliza zimetoka wapi. Afisa aliniambia nilete barua ya mwendeshaji wa bahati nasibu inayoonyesha kiasi cha zawadi na kodi iliyokatwa. Niliiomba barua hiyo siku ile ile ya kudai, pamoja na cheti cha kodi iliyokatwa chenye namba yangu ya mlipakodi. Pesa zilipoingia, hakuna aliyezizuia. Siku hiyo pia niliuliza kuhusu kupigwa picha kabla ya kusaini fomu yoyote, kwa sababu picha moja gazetini ingewaleta ndugu ambao daftari langu halikuwa na nafasi yao.

Kati ya siku hizo nane nilipigiwa simu na mtu aliyejua kiasi nilichoshinda, akitaka nimtumie 15,000 za "kuachilia zawadi". Kwa kuwa nilishajua kwamba kodi hukatwa ndani ya zawadi yenyewe na mlipaji, na kwamba sipaswi kutuma kitu kwanza, nilikata simu bila kusita.

Kodi sasa si ile niliyokatwa mimi. Tangu tarehe 1 Julai 2025 sheria iliondoa ile asilimia 20 ya ushindi na kuweka asilimia 5 ya pesa zinazotolewa kwenye akaunti ya mchezo. Atakayeshinda leo aulize kiwango cha siku hiyo, na kinakatwa katika hatua gani, kabla ya kuandika safu ya kwanza ya daftari lake.

Ploti ya Utange ilihamishwa kwa jina langu miezi minne baadaye. Thamani ya serikali ilitoka juu kidogo ya bei niliyonunulia, ushuru wa stempu ukaongezeka kwa elfu chache, nami nikaulipa kutoka zile 88,000. Kaka alikuja kuniona siku ya kuweka vigingi, akashika mwisho mmoja wa kamba ya kupimia.