Gurudumu la cherehani hadi gurudumu la boda

Nilikuwa natengeneza filamu fupi ya mama fundi cherehani wa Kawangware. Pesa za ushonaji wake ndizo zilizomnunulia mwanawe pikipiki ya boda, nami nilitaka hilo lionekane bila mtu kulisema.

Kuzungusha kamera kwa kasi kutoka kwa mama hadi kwa kijana kungesema wako kazini saa ileile. Matatu ikipita mbele ya lenzi na kuziba picha ingesema muda umepita palepale. Nilichohitaji ni kazi ya mmoja kuonekana ndani ya kazi ya mwingine, yaani mpito ambapo picha ya kwanza inafifia huku ya pili ikijitokeza, maumbo yake yakilaliana.

Cherehani ya kukanyaga ina gurudumu kubwa chini ya meza, lile linalovuta mkanda. Ukilitazama kutoka kulia kwa mshonaji, linazunguka kinyume cha mishale ya saa. Kwa hiyo pikipiki ilibidi niipige kutoka kushoto kwake, maana huko ndiko gurudumu la kwenda mbele huzunguka vivyo hivyo. Mnyororo wake nao uko upande huo, basi mkanda wa mama ukapata mrithi. Mizunguko ikipingana, mtazamaji huhisi picha zinagombana hata kama hajui sababu.

Asubuhi kabla ya kwenda steji, kijana huweka pikipiki kwenye stendi ya kati na kupaka mnyororo oili, gurudumu la nyuma likizunguka hewani. Hapo ndipo niliporekodi. Picha ya cherehani nilikuwa nayo kwenye simu: ekseli katikati, ukingo ukifika alama zilezile juu na chini. Lenzi sikubadilisha, nilirudi nyuma tu hadi magurudumu yakalingana. Nikamwambia, "Bro, zungusha polepole, vile mathe hukanyaga." Likizidi kasi, kwenye video ya fremu 25 kwa sekunde spoki zinaweza kuonekana kama zinarudi nyuma.

Mwanga ndio ulionipa kazi zaidi. Chumba cha mama kina giza, na picha yenye jua kali humeza yenye giza kabla hata ya kufika katikati ya mpito. Tukaivuta pikipiki chini ya mabati.

Kwenye kuhariri, mpito wa fremu 12 ulionekana kama mchezo wa maduara. Nilipofika fremu 40, magurudumu yote mawili yalionekana kwa pamoja vya kutosha. Mpito hula mwisho wa klipu moja na mwanzo wa nyingine, ndiyo maana kila klipu lazima iwe na sekunde kadhaa za ziada mwanzoni na mwishoni. Mlio wa cherehani niliuacha uendelee juu ya pikipiki kwa muda, kisha injini ikawaka.

Maneno ya msimulizi kuhusu pesa niliyaondoa. Kwingine kote nilikata moja kwa moja, kwa sababu mpito wa pili wa aina hii ungemfanya mtazamaji aanze kuwinda maumbo badala ya kumfuata mama.