Damu ya paka wangu ilikuwa safi, lakini hatukuing'oa dripu

Kipimo cha kwanza cha damu ya Simsim kilitoka kizuri. Kreatinini, taka ambayo figo huichuja kutoka kwenye damu, ilikuwa 118 mikromoli kwa lita, kiwango cha kawaida kwa paka mzima, na mwenyewe alikuwa ameacha kutapika. Mume wangu akauliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza akiitazama ile bili ya kliniki: kama figo zake ni nzima, analazwa kwa nini?

Shemeji zangu walikuwa wametuletea shada la maua kutoka mjini, mdogo wangu alipofanya mahafali. Ndani yake, katikati ya mawaridi, kulikuwa na maua makubwa ya lili ya rangi ya waridi, yale yenye harufu nzito na chavua ya rangi ya kutu inayoharibu nguo. Yalifika saa sita mchana. Nilipotoka jikoni kabla ya saa nane nilikuta jani limetafunwa, matapishi kwenye zulia, na Simsim ana chavua kwenye masharubu na kifuani.

Nilikuwa najua kwamba lili na paka haviishi nyumba moja, ila sikujua ni haraka kiasi gani. Nilimpigia daktari wa mifugo huku nikimfuta paka kwa kitambaa chenye maji, kisha nikamvingirisha kwenye taulo asijilambe. Hilo la kujilamba ndilo linalosahaulika. Paka hahitaji kula ua. Chavua ikimwangukia kwenye manyoya ataila yote akijisafisha. Jani, petali, shina, hata maji ya chombo cha maua yana sumu hiyo. Jirani yangu, mama mtu mzima mwenye nia njema, alikuja na kikombe cha maziwa. Daktari akasema kwenye simu, "Usimpe maziwa, usimpe chumvi, usimtapishe mwenyewe. Mlete, na ulete kipande cha hilo ua." Maji ya chumvi yanaweza kumuua paka kabla ya lili, na maziwa hayazuii chochote.

Kliniki walimchoma sindano ya zailazini, dawa ambayo wafugaji wa ng'ombe wanaijua kwa kumlaza mnyama. Kwa paka, dozi ndogo humtapisha. Vikatoka vipande vya jani, vingine vikubwa kuliko nilivyotarajia. Alipozinduka vizuri akapewa mkaa wa dawa, gramu chache kwa uzito wake, kwa uangalifu usije ukaingia mapafuni. Daktari hakunificha kwamba faida ya mkaa hapa haina uhakika, kwa kuwa sumu yenyewe ya lili mpaka leo haijatambuliwa ni kitu gani hasa. Kinachojulikana ni kwamba huyeyuka kwenye maji, na kwamba huangamiza figo za paka. Mbwa akila ua hilohilo huishia kuumwa tumbo.

Hapo ndipo tulipofika kwenye lile swali la bili. Jibu la daktari nalikumbuka kwa sababu lilinibadilisha namna ya kusoma karatasi ya maabara. Kreatinini haianzi kupanda kupita kawaida mpaka sehemu kubwa ya figo, kama robo tatu ya uwezo wake, iwe imeshapotea. Kipimo kizuri saa chache baada ya kula lili hakisemi kwamba figo zimepona. Kinasema umefika mapema, basi.

Tena sumu hii ina hila. Saa za mwanzo paka hutapika, hutokwa udenda, hujikunyata. Kisha kutapika hukata, na mwenye paka hushukuru Mungu. Wakati huohuo seli zinazotanda ndani ya mirija midogo ya figo zinakufa, zinabanduka na kuziba mirija. Kati ya saa 12 na 24 paka huanza kukojoa sana, maji ya mwili yakaisha, na ukavu huo ukazimalizia figo zilizokwisha kujeruhiwa. Kati ya siku ya kwanza na ya tatu mkojo hupungua, halafu hukata kabisa. Wengi huletwa hapo, na dripu peke yake huwa imechelewa. Wanaoanza tiba baada ya kama saa 18 matumaini yao hushuka sana.

Kwa hiyo dripu ilikuwa kwa ajili ya saa zilizokuwa mbele yetu. Simsim alipewa maji ya dripu yaitwayo Ringa lakteti kupitia mshipa wa mguu wa mbele, kama mara mbili ya maji ambayo paka wa uzito wake anahitaji kwa siku. Kwa kilo 4 hiyo ni karibu mililita 450 kwa saa 24. Lengo ni mkojo usisimame, mirija isizibe, na mwili usikauke. Maji hayaiondoi sumu iliyokwisha kuingia kwenye seli. Ndiyo maana kutapisha na kufuta manyoya kulitangulia.

Kwa kuwa kliniki ile haikuwa na mhudumu mwingine wa usiku, niliruhusiwa kukaa, nikapewa kazi ya mkojo. Tulimwekea vitambaa vya kunyonya badala ya mchanga, tukavipima kabla na baada. Gramu moja iliyoongezeka ni kama mililita moja. Paka mwenye figo nzuri hutoa angalau mililita 1 hadi 2 kwa kila kilo kwa saa, na akiwa kwenye dripu anapaswa kuzidi hapo. Niliambiwa nimwamshe daktari mkojo ukipungua wakati maji bado yanaingia, au pumzi zikienda mbio akiwa amelala. Maji yasiyopata njia ya kutoka hukimbilia mapafuni, na dripu iliyokuwa inaokoa huanza kuzamisha. Kwa sababu hiyo pia alipimwa uzito asubuhi na jioni.

Kesho yake kreatinini ilipanda kidogo, 131, ingali ndani ya kawaida. Hapo nilihisi tumbo likinikata. Daktari akaangalia mkojo kwenye hadubini, akitafuta vipande vya seli zilizobanduka, ambavyo huweza kuonekana kabla damu haijabadilika, kisha akaupima kama una sukari, ambayo haina sababu ya kuwa kwenye mkojo wa paka asiye na kisukari. Hakukuta chochote. Siku iliyofuata kreatinini ilishuka, 109. Dripu ikaendelea mpaka yakatimu masaa 72, ikapunguzwa polepole, akarudishiwa chakula.

Kama mkojo ungekata, kilichobaki kingekuwa kusafisha damu kwa mashine. Utando unaozishikilia seli za mirija mara nyingi husalimika, hivyo paka akishikiliwa hai kwa wiki kadhaa figo zinaweza kuotesha seli mpya. Ni tiba ghali sana, na paka wachache mno huifikia.

Simsim alipimwa tena baada ya wiki, damu na uzito mahususi wa mkojo, unaoonyesha kama figo zinaweza kuukoleza mkojo, vyote sawa. Nilimwuliza daktari kuhusu maua mengine. Hatari hii ya figo ni ya lili halisi na ya lili za siku moja zinazopandwa bustanini. Kala na lili ya amani huunguza mdomo tu. Gloriosa, ambayo kwetu huota porini, ina sumu nyingine kabisa, kali nayo. Mwenye kutuletea maua sasa tunamwomba mawaridi au alstromeria, inayolimwa kwa wingi hapa Kenya. Inafanana na lili, lakini figo za paka haizigusi.