Vinyweleo vya mikono: kwa nini nilivipunguza tu

Vyangu ni vyeusi, virefu, vinashuka hadi vidoleni. Dada wa saluni hapa Kampala alitaka kuvipausha. Nikamwomba ajaribu kwanza kasehemu karibu na kiwiko: vikatoka rangi ya shaba, na juu ya ngozi yangu nyeusi vikaonekana kuliko awali. Kupausha kunawafaa weupe zaidi.

Nta na wembe niliviacha kwa sababu ngozi yangu hutoka vipele haraka, na kipele kikipona huacha doa jeusi linalokaa miezi.

Nikachukua mashine ya kunyolea yenye kitana cha milimita 3, mkono ukiwa mkavu, nikafuata vinyweleo vinakolalia. Ncha hubaki butu, kweli, ila kwa urefu huo zinapinda, hazichomi. Kwa mbali huvioni. Vidoleni nilitumia mkasi mdogo.