Mizunguko miwili na nusu iliyopotea

Leo jioni nimebishana na karatasi yangu mwenyewe. Mezani nina mota ndogo ya mkondo mnyoofu inayosukuma feni, amplifaya, na tachomita inayorudisha kasi iliyopimwa ili itolewe kwenye kasi ninayoitaka. Ukuzaji wa amplifaya na mota kwa pamoja ni K = 19. Mrejesho ni wa moja kwa moja, hauzidishwi na kitu, kwa hiyo kasi ikishatulia, T, yaani kasi ninayopata ikigawanywa kwa ninayoiomba, ni:

```
T = K/(1+K) = 19/20 = 0.95
```

Nikiomba mizunguko 1000 kwa dakika napata 950. Sasa mota ikichemka, upinzani wa waya wake wa shaba unapanda, na kwa volti ileile inasukuma kwa nguvu ndogo. Nilikata mrejesho nikapima: K imeshuka kwa asilimia 20.

Mrejesho ukirudishwa, kasi itaumia kiasi gani? Nikachukua derivativu ya T kwa K, kisha nikaizidisha kwa K/T ili nilinganishe asilimia kwa asilimia:

```
dT/dK = 1/(1+K)^2
S = (dT/dK)(K/T) = 1/(1+K) = 0.05
```

Yaani asilimia 20 za mota zinageuka asilimia 1 tu kwenye kasi. Nilitegemea 940.5. Tachomita ikasoma 938.

Mizunguko miwili na nusu si kitu kwa feni, lakini ilinikera hadi chai ikapoa. Nililaumu msuguano, nikalaumu waya, mwishowe nikarudi kwenye hesabu. Derivativu ni mteremko wa mahali nilipoanzia tu, na asilimia 20 si hatua ndogo. K inaposhuka hadi 15.2, kinga yenyewe inapungua njiani. Nikitoa T ya zamani kwenye mpya bila mkato wowote, kisha nikagawanya kwa ya zamani, badiliko ni:

```
-0.20/(1+15.2) = -0.0123
```

Ni hesabu ileile, ila chini inakaa K mpya, si ya zamani. 950 ikipungua kwa asilimia 1.23 inabaki 938. Kumbe mota haikuwa na kosa.

Kabla ya kuzima taa nikajiuliza: je, tachomita ndiyo ingekuwa imehama? Ikisoma juu kwa asilimia 1 tu, mgawanyo unakuwa 19/(1 + 19 × 1.01), na kasi halisi inashuka hadi 941. Asilimia moja ya kipimo inanigharimu mizunguko 9, wakati asilimia 20 za mota zimenigharimu 12! Tena kuongeza K hakusaidii hapo. Mfumo unazidi kumtii msema uongo.

Na hiyo 938 imesomwa na tachomita ileile. Kesho nitaazima nyingine niipime kwanza.