Tageti ya simu 100: hesabu niliyopiga kabla ya kusaini

Kazi ya kupokea simu za wateja niliyoitiwa usaili hapa Tanga ilikuja na tageti ya simu 100 kwa siku. Habari za mshahara niliziweka kando kwanza. Nilimwuliza sapavaiza: simu ya kawaida inakula dakika ngapi, na ukishakata, kuandika maelezo ya mteja kwenye mfumo kunachukua muda gani? Akasema dakika 4, kisha 1.

Shifti ni ya saa 9. Toa saa 1 ya chakula na dakika 30 za chai, zinabaki dakika 450. Gawanya kwa 5: simu 90, tena ziwe zinaingia mfululizo, hata maji hujanywa. Panapopangwa watu vizuri, mhudumu huwa na mteja au anaandika maelezo yake kama asilimia 85 ya muda, basi ni simu 76 hivi. Hizo nyingine 24 zinatoka wapi? Zinatoka kwa mteja anayeambiwa "nitakupigia" halafu hapigiwi, au anayerushwa kitengo kingine. Kesho anarudi amefura, na simu yake inahesabiwa upya. Kwa hiyo nikauliza swali la pili: mwezi uliopita wangapi walifikisha? Sapavaiza akacheka tu.

Ratiba niliomba niione ya wiki nzima, si kusimuliwa. Jumanne mtu anatoka saa 4 usiku, Jumatano anaingia saa 1 asubuhi. Hapo katikati ni saa 9, wakati Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku na siku. Sheria hiyohiyo inahesabu usiku kuanzia saa 2 hadi saa 12 asubuhi, na kila saa ya humo ina nyongeza ya angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa hiyo. Kwa anayerudi Pongwe saa 4 usiku, nyongeza hiyo haifikii hata nauli ya bodaboda, kwa hiyo uliza usafiri nani analipa.

Kusikilizwa simu si tatizo, kila mahali wanarekodi. Tatizo ni wakisikiliza simu 4 kwa mwezi kati ya zaidi ya elfu moja, kisha moja mbaya ikafuta bonasi. Nilitaka kujua kama mhudumu anaruhusiwa kuisikiliza simu iliyompunguzia alama na kuipinga. Jibu: hapana.

Kuhusu kupanda cheo, niliuliza masapavaiza wangapi walianzia kwenye hedifoni. Mmoja kati ya sita. Mikataba yenyewe ni ya miezi mitatu mitatu.

Niliwaomba mambo mawili kwa maandishi: saa 12 za kupumzika, na tageti ipimwe kwa matatizo yaliyoisha simu ya kwanza. La kwanza walikubali, la pili wakakataa, nami sikusaini.