Siku yangu na visanduku viwili visivyofunguka

Saa 2 asubuhi. Mezani kuna visanduku viwili vyeusi, kila kimoja kimejazwa gundi ngumu hadi juu. Kila kimoja kina pini nne, mbili kushoto na mbili kulia. Maandishi yamefutika, imebaki nukta nyeupe upande mmoja. Vimetolewa kwenye benchi la zamani la majaribio, na ninachotakiwa kujua leo ni kama vikiunganishwa mfululizo vitashusha volti 6 hadi chini ya volti 2. Kadi ya kupimia inayovisubiri haivumilii zaidi ya hapo. Kuvipasua haiwezekani, maana gundi ya aina hii ikibanduliwa hutoka na vilivyomo.

Kitu cha namna hii tunakiita mtandao wa milango miwili: pini za kushoto ni mlango wa 1, za kulia ni mlango wa 2. Hata kama ndani kuna vipuri mia, maadamu hakuna chanzo cha umeme humo na mkondo unapanda kwa uwiano uleule na volti, nambari nne zinatosha kueleza kila kitakachoonekana kutoka nje.

Saa 2 na nusu. Naanza kwa kugusisha mita kwenye kila mlango kabla ya kuunganisha chochote. Sifuri kote. Hakuna betri wala kapasita yenye chaji, kwa hiyo naweza kuendelea.

Naweka volti 6 kwenye mlango wa 1 na kuuacha wa 2 wazi. Mkondo unaoingia ni miliampia 10, na kwenye mlango wa 2 mita inasoma volti 4. Nageuza: volti 5 kwenye mlango wa 2, wa 1 wazi. Unaingia mkondo uleule wa miliampia 10, na upande wa pili zinatokea volti 4. Hapo tayari nina vigezo vyote vya impidansi, yaani volti ikigawanywa kwa mkondo, kwa omu:

```
V1 = Z11·I1 + Z12·I2
V2 = Z21·I1 + Z22·I2

Z11 = 6 V / 10 mA = 600
Z21 = 4 V / 10 mA = 400
Z22 = 5 V / 10 mA = 500
Z12 = 4 V / 10 mA = 400
```

Mlango unaachwa wazi ili mkondo wake uwe sifuri, na neno moja katika kila mlinganyo lijifute. Ndiyo maana mita ya volti iwe ya kisasa, yenye ukinzani wa mega-omu 10 hivi. Mita dhaifu hunyonya mkondo, na mlango unaodhani uko wazi unakuwa haupo wazi.

Narudia kwa volti 3 badala ya 6. Mkondo unashuka hadi miliampia 5 na volti ya mlango wa 2 inakuwa 2. Kila kitu kimekatwa nusu sawasawa, kwa hiyo humu hakuna dalili ya diodi. Na kwa kuwa Z12 na Z21 zimelingana, sina sababu ya kushuku transista.

Kisanduku cha pili nakipima vilevile, nukta ikiwa kushoto. Tofauti haifiki asilimia 1.

Saa 4. Kijana anayejifunza kazi kwangu anachora umbo la herufi T: omu 200 kushoto, omu 100 kulia, na omu 400 zikishuka katikati. Hesabu inakubali.

"Kwa hiyo, fundi, ndani kuna rezista hizi tatu?"

Namwambia achore na umbo jingine: omu 350 kati ya pande mbili, omu 1400 zikishuka kushoto na omu 700 zikishuka kulia. Anapiga hesabu ya Z11: 1400 sambamba na 1050, jibu 600. Zilizobaki nazo zinatoka zilezile. Anatazama michoro miwili kimya kwa muda. Kutoka nje hakuna kipimo kitakachoitofautisha, na kwa kazi yetu hakuna haja.

Saa 5. Vigezo vya impidansi ni rahisi kuvipima, ila havifai unapounganisha kisanduku nyuma ya kingine. Hapo nahamia kwenye vigezo vya upitishaji, vinavyoeleza upande wa kuingilia kwa kutumia upande wa kutokea:

```
V1 = A·V2 + B·I2
I1 = C·V2 + D·I2
```

Kutoka Z, A ni 600/400, yaani 1.5. D ni 500/400, yaani 1.25. C ni 1/400, yaani 0.0025. B ni (600×500 − 400×400)/400, yaani omu 350.

Kijana anafikia B na D zilezile, lakini zikiwa hasi. Namwomba atafute AD − BC. Anapata −1, wakati mtandao wa rezista tupu lazima utoe 1. Kosa hili nalipenda kwa sababu linajitangaza lenyewe: katika Z, mkondo I2 unahesabiwa ukiingia kisandukuni, lakini katika upitishaji unahesabiwa ukitoka kwenda kwenye kinachofuata. Asipougeuza ishara, alama hasi zinabaki.

Ili tusitegemee karatasi peke yake, tunapiga shoti mlango wa 2 kupitia mita ya mkondo na kurudisha volti 6 kwenye mlango wa 1. Mkondo wa shoti ni miliampia 17.1. Gawanya 6 kwa huo, unapata karibu 350. B imethibitika.

Saa 8 mchana. Sasa swali lenyewe. Kijana anasema kisanduku kimoja kinagawanya kwa 1.5, viwili vitagawanya kwa 2.25, na volti 6 zitatoka 2.67. Kwa jibu hilo tungevitupa.

Lakini 1.5 ni ya mlango ulio wazi. Kisanduku cha pili kikishaunganishwa, cha kwanza kinabebeshwa mzigo wa omu 600. Kuzidisha matriki nzima, yaani jedwali la A, B, C na D la kisanduku cha kwanza kwa la cha pili, kunauhesabu mzigo huo bila kuambiwa. A ya viwili ni A×A + B×C:

```
1.5 × 1.5 + 350 × 0.0025 = 3.125
6 V / 3.125 = 1.92 V
```

Volti 1.92. Kadi inaweza kuishi, kwa kuwa yenyewe haivuti mkondo wa maana.

Saa 9 na nusu. Naunganisha, bila kadi kwanza. Mita inasoma 2.18.

Nakagua nyaya na chanzo, vyote sawa. Asilimia 1 ya tofauti ya visanduku haiwezi kuleta pengo hilo. Kisha naliona: nukta ya kisanduku cha pili iko kulia. Nimekiweka kinyume. Kisanduku cha rezista kikigeuzwa, A na D hubadilishana nafasi, hivyo jumla inakuwa 1.5 × 1.25 + 0.875, yaani 2.75. Na 6 kwa 2.75 ni 2.18, nambari ileile iliyo kwenye mita.

Nakigeuza. Mita inatulia kwenye 1.92.

Saa 10 na nusu. Nabandika karatasi juu ya kila kisanduku: mshale kutoka kwenye nukta kwenda upande wa pili, vigezo A, B, C na D, na neno "DC". Neno hilo nimeliandika kwa wino mwekundu, kwa sababu leo sikupima masafa yoyote. Kama ndani kuna kapasita, kwa umeme wa DC isingeonekana kabisa, na anayetaka kupitishia mawimbi humu atalazimika kupima upya kwa kila masafa anayoyahitaji. Kadi nimeiunganisha. Inasoma 1.92.